Uwiano wa deni kwa kipato si ile theluthi ya mshahara

Msimu wa mikopo ukifika maofisini, sentensi hii haikosekani: "Uwiano wangu wa deni uko safi, theluthi yangu haijaguswa." Anayeisema huwa na uhakika kabisa, na wenzake huitikia. Lakini hapo ametaja vipimo viwili tofauti akidhani ni kimoja.

Uwiano wa deni kwa kipato hauna mambo mengi. Unajumlisha marejesho yote ya madeni unayolipa kwa mwezi, unagawanya kwa mapato yako ya mwezi kabla ya makato, unazidisha kwa mia. Ni marejesho ya mwezi, si deni zima. Anayedaiwa milioni 10 na anayedaiwa milioni 3 wanaweza kuwa na uwiano uleule, kutegemea kila mmoja amepewa muda gani wa kulipa.

Theluthi ni sharti la makato. Kenya limo katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19: jumla ya makato isizidi theluthi mbili za ujira. Kwa mtumishi wa umma Tanzania, lazima ibaki theluthi ya mshahara wa msingi. Lengo lake ni mfanyakazi asirudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo linahesabu kila kinachokatwa, hata kodi, ambayo si deni. Kisichopita kwenye hati ya mshahara halikioni kabisa.

Chukua mwalimu wa Tanzania mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000. Mfuko wa pensheni unakata 60,000, bima ya afya 36,000, kodi 170,000, chama 24,000, na Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 180,000. Jumla ni 470,000. Kwa kuwa lazima abaki na 400,000, nafasi yake ya mkopo mpya ni rejesho lisilozidi 330,000. Anakopa milioni 10 kwa miezi 48, riba asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Rejesho linakuja kama 283,400. Anabaki na 446,600 na theluthi imetimia.

Uwiano wake unachukua lile rejesho na la Bodi ya Mikopo tu: 463,400 kwa 1,200,000, karibu asilimia 39. Sasa ongeza kikoba anachorejesha 120,000 kwa mkono, na mikopo ya simu inayomla 80,000 kila mwezi. Hati ya mshahara haijabadilika hata senti, na theluthi bado "haijaguswa". Uwiano umeruka hadi asilimia 55, na mfukoni zimebaki 246,600 za kodi ya nyumba, chakula na nauli.

Mkopeshaji anayekata moja kwa moja kwenye mshahara anaweza asihangaike sana na hilo, maana yeye analipwa kabla mwalimu hajaiona hela. Anayehangaika ni yule anayesubiri kulipwa baadaye. Huyo ndiye ataomba taarifa ya benki ya miezi kadhaa, ataangalia miamala ya simu, atavuta taarifa zako za mikopo, kisha atauliza kuhusu kikoba kwa sababu anajua mara nyingi hakionekani huko kote. Mpaka anaoutumia hupangwa na kila taasisi. Ile asilimia 43 inayonukuliwa mitandaoni ilitoka kwenye kanuni ya mikopo ya nyumba ya Marekani iliyoanza 2014, na huko kwenyewe wameshaiacha kama mpaka.

Uwiano nao una upofu wake. Mwalimu yuleyule akiongezewa muda hadi miezi 84, rejesho linashuka hadi karibu 198,600 na uwiano, tukiacha kikoba na simu, unakuwa asilimia 32. Kwenye karatasi amepata nafuu, ila jumla atakayolipa imepanda kutoka kama milioni 13.6 hadi milioni 16.7. Afisa mikopo akikuambia "tumekushushia uwiano", muulize ameshusha deni au amerefusha miezi.

Basi, ukitaka kusema makato yako hayajavuka theluthi mbili, sema hivyohivyo, ni kauli nzuri na ina maana yake. Ukiulizwa uwiano, anza na hati ya mshahara, kisha ongeza daftari la kikoba na zile jumbe za simu za kukumbushwa kulipa.