Bima ndogo hailipi gari lako

"Nina bima ndogo, nimegonga gari la mtu. Langu nalo si watalitengeneza? Nimelipia!"

Hapana. Bima ndogo, ambayo kwa sheria ya Tanzania ndiyo kiwango cha chini cha kuingia barabarani, humlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Bodi yako iliyobonyea ni juu yako.

Hata huyo mwenzako halipwi bila kikomo. Sheria inalazimisha kinga ya kifo na majeraha tu. Mali inalindwa kwa kadiri ya mkataba wako. Fungua jedwali la bima, ile karatasi yenye jina lako na namba ya gari, utafute kikomo cha uharibifu wa mali. Tuseme kimeandikwa milioni 5, na gari ulilogonga linahitaji matengenezo ya milioni 7. Milioni 2 zinazobaki unadaiwa wewe.

Kisha soma mstari wa matumizi, ambao wengi huuruka. Ukiandikwa "binafsi" nawe unabeba abiria wa nauli jioni (tunajuana), kampuni ina sababu ya kukugomea. Linganisha pia namba ya usajili, herufi kwa herufi, na tarehe ya mwisho.