Wifi amerudi na watoto watatu: hesabu ambayo mke na mume huiahirisha

"Simchukii wifi yangu." Wake wengi wanaokuja kwangu na jambo hili huanza na maneno hayo, kabla sijauliza chochote. Ninawaamini. Katika miaka yangu ya ushauri wa ndoa, ni mara chache nimekuta nyumba ambayo tatizo lilianza na chuki. Mara nyingi lilianza na hesabu ambayo hakuna aliyethubutu kuipiga, kwa sababu kumhesabia ndugu aliyeumia kunaonekana ni uchoyo.

Nitaeleza kisa kimoja. Nimekiunda kwa kuchanganya familia kadhaa nilizokaa nazo, ili asitambulike mtu.

Mume na mke, wote wana kipato, wana watoto wawili. Dada wa mume akapewa talaka, akaja usiku na watoto wake watatu na mabegi manne. Alisema anataka siku chache za kutuliza kichwa. Kaka yake akampokea, mke akatandika vitanda, na wote wawili walifanya lililo sawa. Walipofika kwangu ilikuwa wiki ya tisa, na walikuwa wamegombana hadi kutosemezana kwa sababu ya sabuni ya kufulia.

Niliwauliza walikubaliana nini siku ile ya kwanza. Mume akasema, "Nilimwambia dada anakuja." Mke akamalizia, "Ndiyo, uliniambia. Hukuniuliza." Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Mke huyu angekubali, na mwenyewe alisema hivyo. Lakini kuambiwa kulimfanya ajione mpangaji katika nyumba anayoichangia, na kuanzia siku hiyo kila kipande cha sabuni kikawa ushahidi.

Kwanza niliwaomba waandike matumizi yao kama sehemu mia za kipato cha wote wawili. Ninapenda njia hii kwa kuwa inaondoa ubishi wa nani anapata zaidi. Kabla ya ugeni, mia yao ilikwenda hivi: kodi ya nyumba 25, chakula 30, shule ya watoto wao 15, usafiri 10, maji na umeme 6, mengineyo 4, na akiba 10. Familia yenye akiba ya 10 iko vizuri.

Kisha tukaandika mwezi uliopita. Kodi ilibaki 25, maana nyumba ni ileile. Chakula kilikuwa kimefika 54. Hakikuongezeka mara mbili kamili ingawa watu walitoka wanne wakawa wanane, kwa sababu watoto wadogo hula kidogo na kupikia wengi kuna nafuu yake. Maji na umeme vilifika 9, usafiri 12. Shule 15 na mengineyo 4 havikubadilika. Jumla ni 119. Akiba yote ilikuwa imemezwa, na bado kila mwezi zilipungua 19.

Zilitoka wapi? Mume alikuwa anakopa kwa wenzake kazini, kimya kimya. Mke alikuwa anachota katika mtaji wa biashara yake, naye kimya kimya. Kila mmoja alijiona ndiye anayeibeba nyumba peke yake, na kila mmoja alimwona mwenzake hajali. Ukitaka kujua kama nyumba yako imefika hapa, usisubiri siku ya kukosa chakula. Angalia kama kuna deni ambalo mwenzako halijui. Hiyo ndiyo dalili ninayoitegemea kuliko zote.

Kuna mizani nyingine ninayoitumia ili watu wauone ukubwa wa jambo. Watakwimu wa Ulaya, wanapolinganisha hali za maisha za familia kubwa na ndogo, humhesabu mtu mzima wa kwanza kuwa 1, kila mtu mwingine mwenye miaka 14 au zaidi kuwa 0.5, na kila mtoto wa chini ya miaka 14 kuwa 0.3. Sababu ni kwamba paa, jiko na taa hutumiwa kwa pamoja. Familia hii, ambayo watoto wote walikuwa chini ya miaka 14, ilikuwa 2.1. Alipoingia wifi na watoto watatu ikawa 3.5. Gawanya 2.1 kwa 3.5 utapata 0.6. Yaani kwa kipato kilekile, kila mmoja sasa anaishi kama mtu ambaye mapato ya nyumba yake yamekatwa kutoka 100 hadi 60. Mizani hii ni ya makadirio, na haioni kwamba nyumba ina vyumba viwili tu. Lakini mume aliponyamaza na kuitazama ile 60, alimwelewa mkewe kwa mara ya kwanza baada ya wiki tisa. Aliacha kusema, "Mbona tunakula tu kama zamani?"

Kisha likatoka jambo ambalo mara nyingi hutoka katika kikao cha pili. Muhula mpya ulikuwa unakaribia, na mume alikuwa ameshamwahidi dada yake kwamba wapwa zake watasoma shule moja na watoto wake. Mkewe hakujua. Watoto wawili walichukua 15, kwa hiyo watatu wangechukua zaidi ya 22, juu ya upungufu uliokuwepo wa 19. Ahadi hiyo ilitolewa kwa huruma tupu, na ingeifilisi nyumba kwa muhula mmoja.

Hapa nina msimamo, na wapo wenzangu wasiokubaliana nami. Ada ya wapwa ni jambo la mwisho kwa mjomba kulibeba. Talaka inavunja ndoa, haivunji ubaba, na sheria za nchi nyingi humtaka baba aendelee kutoa matunzo ya watoto wake. Mjomba akiingia mapema na kulipa kila kitu, baba hupata pumziko ambalo hakupewa na mtu. Miezi ikipita hivyo, kudai kunakuwa kugumu, kwani atasema watoto hawajakosa kitu. Kwa hiyo namshauri dada aanze kukusanya karatasi zake mapema: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya talaka, stakabadhi za shule na matibabu, na daftari la matumizi ya watoto lenye tarehe. Kaka amsaidie nauli na amsindikize. Msaada huo una thamani kubwa kuliko ada ya muhula mmoja.

Lakini usimwekee dada mambo haya mezani siku ya tatu. Mwaka 1967 madaktari Holmes na Rahe walitoa orodha ya matukio ya maisha na uzito wake. Kifo cha mwenza kilipewa 100, na talaka ikafuata kwa 73. Mtu aliyetoka kwenye jambo zito namna hiyo halali vizuri na hapangi vizuri. Nimeona wifi akiulizwa wiki ya kwanza "unaondoka lini?", naye akasikia "ondoka". Baada ya hapo hakuna mazungumzo yaliyosikika tena. Ninaona wiki tatu hadi sita zinatosha: ameanza kupumua, na wenyeji hawajaanza kuchukiana. Wateja wangu hawa walikuwa wamechelewa, lakini si sana.

Mpangilio wa vikao una maana. Mke na mume hukaa kwanza peke yao mpaka wawe na kauli moja, kisha ndipo wanakaa na dada. Anayezungumza ni kaka, mkewe akiwa pale pale. Mke akitumwa kusema, atabaki "mke wa kaka aliyetufukuza" kwa maisha yake yote. Kaka akisema akiwa peke yake, dada atadhani mke ndiye aliyemtuma. Tuliyafanyia mazoezi maneno yenyewe, na siku ilipofika alisema karibu hivi: "Dada, hapa ni kwako na hakuna anayekufukuza. Mimi na mke wangu tumepiga hesabu na haitoshi. Ile ahadi ya shule niliitoa bila kumshirikisha mwenzangu, nimekosea, siwezi kuitimiza. Tunachoweza ni chakula na malazi kwa miezi sita. Kila mwezi tutakaa hivi, tuone tumefika wapi."

Dada alilia. Halafu akasema jambo lililomshangaza wifi yake: "Nilikuwa nasubiri mniambie. Nilikuwa naogopa hata kuwasha taa."

Alikuwa ameshaanza kupata kazi ndogo za kushona. Nilishauri asitoe mchango wa kidogo kidogo, bali abebe bili moja nzima, hata iwe ndogo. Anayetoa vipande huonekana hatoi, kwa sababu vipande vinapotea ndani ya matumizi ya siku. Anayelipa umeme na maji anajulikana na watoto wote. Alichukua zile 9, upungufu ukashuka hadi 10. Mawifi wawili wakaanza kununua mahitaji ya jikoni mara moja kwa wiki kwa orodha, badala ya kila siku kwa mkopo, chakula kikashuka kutoka 54 hadi 49. Zikabaki 5. Wapwa wakahamishiwa shule ya ada nafuu wanayokwenda kwa miguu, usafiri ukarudi 10, zikabaki 3. Mwezi wa tatu baba yao alianza kutoa matunzo sawa na 8. Kwa makubaliano, 5 zilikwenda shule ya watoto wake na 3 kwenye chakula. Upungufu ukafika sifuri.

Sifuri ina maana hakuna akiba. Mtoto mmoja akiugua, deni linarudi. Ndiyo maana tarehe ya mwisho haikuondolewa ingawa mambo yalitulia, na nawasihi wenye nyumba wasiifute kwa aibu. Utulivu wa mwezi wa tatu ndio unaowasahaulisha watu.

Nidhamu ya watoto nitaigusa kwa ufupi, kwani ina mlango wake. Kanuni iliyowafaa ni kwamba sheria za nyumba ni moja kwa watoto wote watano, lakini adhabu hutolewa na mzazi wa mtoto husika. Mkaza mjomba anaruhusiwa kumwambia mpwa aache kuruka kwenye kochi. Kumwadhibu ni kazi ya mama yake, hata ikibidi kusubiri jioni.

Mwezi wa sita ulipofika, dada alikuwa bado hajapata nyumba. Walikaa tena, wakaongeza miezi miwili, safari hii mke akiwa ndiye aliyependekeza. Alihama mwezi wa nane, akaenda chumba na sebule karibu na ile shule. Walipokuja kwangu mara ya mwisho, mke alikuwa na daftari lile lile. Mstari wa akiba ulisomeka 2, na mume alikuwa na deni moja kazini ambalo mkewe alilijua kwa kiasi na kwa jina.