Kalori za bangili na joto la Mtwara

Mwezi wa Januari mwalimu mmoja ninayemsimamia mazoezi alinijia na simu mkononi, akaniuliza: "Kaka, kumbe joto linapunguza mwili kuliko mwendo wenyewe?" Julai iliyopita, upepo wa kusi ukivuma, alikuwa akitembea alfajiri kwenye barabara tambarare upande wa Shangani, kilomita 5 kwa dakika 50, na bangili yake ya mazoezi, ile inayovaliwa kama saa, ilimwandikia kilokalori 270 hivi. Sasa ni kaskazi, amehamishia matembezi saa kumi alasiri baada ya vipindi, njia ni ileile na dakika ni zilezile, lakini bangili inamwandikia karibu 360. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lilikuwa katika kile ambacho bangili inakichukua kuwa ni kazi.

Bangili haipimi kalori hata moja. Ukiigeuza utaona taa ndogo za kijani na kando yake kijidude kinachopokea mwanga. Damu hunyonya mwanga wa kijani kwa wingi, hivyo kila moyo unapopiga na mishipa midogo ya ngozi kujaa, mwanga unaorudi hupungua kidogo, kisha huongezeka tena damu inapopungua. Bangili huhesabu mawimbi hayo, nayo ndiyo mapigo ya moyo. Kutoka hapo hadi kwenye kalori kuna daraja moja tu, nalo ni oksijeni. Misuli ikifanya kazi zaidi hutaka oksijeni zaidi, moyo huongeza mapigo ili kuipeleka, na kila lita moja ya oksijeni inayotumika mwilini huambatana na kilokalori 5 hivi. Katika maabara oksijeni hupimwa kwa barakoa inayokusanya pumzi, huku mapigo yakiandikwa sambamba, kisha hutafutwa mstari unaounganisha viwili hivyo.

Watengenezaji wengi hawatangazi mstari wanaoutumia, lakini upo mmoja uliochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Cape Town, ambao unaonyesha vizuri namna ya kufikiri. Kwa wanawake, pasipo kujua kiwango chao cha siha, unasomeka hivi:

```
E = -20.4022 + 0.4472*P - 0.1263*U + 0.074*M
```

E ni kilojuli kwa dakika, P ni mapigo kwa dakika, U ni uzito kwa kilo, na M ni miaka ya umri; ukitaka kilokalori unagawanya kwa 4.184. Mwalimu wetu ni mwanamke wa miaka 38 na kilo 70. Wastani wa mapigo yake ya Julai ulikuwa 110, na kanuni inatoa kilokalori 5.4 kwa dakika, yaani 272 kwa matembezi yote. Januari wastani ulikuwa 126, na kanuni inatoa 7.15 kwa dakika, yaani 357. Bangili yake, kwa kanuni yoyote iliyomo ndani yake, ilikuwa inapita njia hiyohiyo.

Inafaa kuichezea kanuni hii kidogo ili kuona ilivyo kipofu. Mpe mwalimu huyohuyo mapigo 60, ameketi barazani, nayo itasema anatumia kilokalori 0.1 kwa dakika, kiasi ambacho mtu aliye hai hawezi kuishi nacho. Kiasi halisi cha mtu wa kilo 70 aliyetulia ni karibu 1.2. Ndiyo maana bangili, ikiona mkono umetulia, kwa kawaida huacha mapigo na kukadiria kwa umri, uzito, urefu na jinsia peke yake. Isipofanya hivyo, dakika 90 za Simba na Yanga zingehesabiwa kuwa mazoezi.

Sasa turudi kwenye zile kilokalori 85 za ziada, kutoka 272 za Julai hadi 357 za Januari. Moyo hupeleka oksijeni kwa njia mbili kwa pamoja: idadi ya mapigo, na kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo. Bangili inaiona ya kwanza tu. Alasiri ya kaskazi, hewa ikiwa na unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka badala ya kukauka, mwili hupeleka sehemu ya damu kwenye ngozi ili kutoa joto, na jasho nalo hupunguza maji yaliyomo katika damu. Damu inayorudi moyoni hupungua, kila pigo husukuma kidogo kuliko awali, na moyo hufidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Miguu haijaombwa kazi mpya. Oksijeni inayotumika ni karibu ileile ya Julai, lakini bangili inayasoma mapigo 16 ya ziada kana kwamba mwalimu amepanda mlima.

Dalili yake inaonekana wazi kwenye mchoro wa simu. Kasi ya mwendo imelala sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, ilhali mapigo yanapanda taratibu, labda kutoka 115 dakika ya kumi hadi 135 dakika ya mwisho. Kupanda huko kwa upole ni joto na upungufu wa maji. Mapigo yakiruka ghafla kwa sekunde chache na kuganda kwenye namba inayolingana na hatua zako kwa dakika, hilo ni kosa jingine: bangili imelegea na inahesabu mtikisiko wa mkono badala ya damu. Weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili, utajua mara moja. Anayetumia dawa za presha kama atenololi hupata kinyume cha yote haya, kwa kuwa dawa huyashusha mapigo na bangili humpunja.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya hivyo vilisoma mapigo kwa kosa lisilofikia asilimia 5. Kwenye kalori, kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu zaidi kwa asilimia 93. Kwa hiyo taa za kijani si za kulaumiwa sana. Tatizo liko kwenye daraja.

Kwa kutembea tambarare tuna njia ya kukagua isiyohitaji mapigo kabisa. Kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa, mtu hutumia takriban mililita 13.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Kwa kilo 70 ni mililita 945, sawa na kilokalori 4.7 kwa dakika, au 236 kwa dakika 50. Nayo ni makadirio, ila hayababaishwi na joto. Humo ndani mna kilokalori 60 hivi ambazo mwalimu angezitumia hata kama angeketi nyumbani, na bangili nyingi haziziondoi. Kilichoongezwa na matembezi yenyewe ni takriban 175, Julai na Januari vilevile, yaani nusu ya alichoandikiwa na bangili Januari.

Nilimweleza haya tukiwa tumeketi nje, naye alikuwa na kifuko cha korosho za kukaanga alizonunua njiani. Gramu 30, konzi ndogo tu, zina kilokalori 170 hivi. Alizitazama, akazitazama tena namba za kwenye simu, akafunga kifuko.