Ukiweka elfu moja kwa M-Pesa ukaitoa bila kubeti, unarudi na ngapi?

Hadi katikati ya 2025, mkono wa KRA ulikuwa kwenye mkeka: asilimia 15 ya dau kila ulipobeti, kisha asilimia 20 ya ushindi. Tangu 1 Julai 2025 mkono huo umehamia mlangoni. Kenya sasa inatoza ushuru wa asilimia 5 pesa zinapoingia kwenye akaunti ya kubeti, na kodi ya zuio ya asilimia 5 zinapotoka. Viwango vimeshuka, kweli, lakini anayeingiza na kutoa pesa kila wikendi analipa mlangoni kila mara, hata kama hakubeti chochote.

Tuchukue Sh1,000. Unaingia Lipa na M-Pesa, Paybill, unaandika namba ya kampuni, halafu namba ya akaunti (kwa kampuni nyingi ni namba yako ya simu au neno walilokupa), kiasi, kisha PIN. Kabla ya kuthibitisha, skrini inakuonyesha jina la anayelipwa. Lisome. Pesa zikishaingia Paybill isiyo sahihi, kuzirudisha kunategemea aliyezipokea. Tuseme kampuni hii imemwachia mteja ada ya Paybill na M-Pesa imekukata Sh10. Ada hiyo imeandikwa mwishoni mwa SMS, baada ya maneno `Transaction cost`. Kampuni nyingine hubeba ada hiyo zenyewe, na hapo utaona `Ksh0.00`.

Sasa fungua akaunti ya kubeti uone salio. Ukikuta Sh950, ushuru umekatwa kama asilimia 5 ya ulichotuma. Ukikuta Sh952.38, wamegawa 1,000 kwa 1.05. Jaribio moja dogo linatosha kukuonyesha kampuni yako inahesabuje. Mimi nitaendelea na 950.

Umebadili mawazo, unazitoa zote. Asilimia 5 ya 950 ni 47.50, kwa hiyo M-Pesa inapokea Sh902.50, kama kampuni haina ada yake ya kutoa. Ukienda kwa wakala, kutoa kiasi cha kati ya Sh501 na 1,000 ni Sh29, basi utapewa 870 na vishilingi vitatu na nusu vibaki kwenye simu. Simu ilitoa 1,010, mkononi una 870, na hakuna mechi iliyochezwa.

Wanaopenda odi ndogo za «uhakika» ndio wanaoumia hapa bila kujua. Sh950 kwa odi ya 1.10 ikishinda inakuwa 1,045. Ukiitoa, inafika 992.75. Umeshinda mkeka na umepoteza pesa. Kwa mfano huu wetu, salio linapaswa kufika Sh1,063.16 ndipo M-Pesa irudishiwe zile 1,010, yaani lazima 950 ikue kwa karibu asilimia 12. Kodi ya kutoa haiulizi ni mtaji wako au ni faida. Inakata chote kinachotoka. Kugawanya utoaji katika vipande hakuipunguzi, ila kama kampuni ina ada isiyobadilika kwa kila utoaji, utailipa mara nyingi.

Huo mpangilio mpya umewapa matapeli mstari mzuri: «Umeshinda, tuma kwanza asilimia 5 ya KRA ndipo tukutolee.» Kodi ya zuio, kama jina lake, inazuiliwa kwenye pesa zilizopo. Hakuna anayetakiwa kuituma kwanza, tena kwa namba ya mtu binafsi.

Kuhusu mipaka, M-Pesa inaruhusu hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja, Sh500,000 kwa siku, na salio lisizidi Sh500,000. Kwa wengi hii haigusi, mpaka siku mkeka mkubwa unapoitika. Mtu ana Sh180,000 kwenye simu na anataka kutoa 400,000. Baada ya kodi ni 380,000, ambayo haipiti kwa mara moja kwa sababu ya ule mpaka wa 250,000. Hata akiigawa, 180,000 na 380,000 ni 560,000, kwa hiyo kipande cha pili kitagonga dari la salio. Ahamishe kwanza angalau 60,000 kwenda benki, ndipo azitoe kwa vipande visivyozidi 250,000. Utoaji ukikataliwa, angalia kama pesa iliyorudi kwenye akaunti ya kubeti ni 400,000 kamili au 380,000. Ikirudi bila ile kodi, dai siku hiyohiyo. Ukijaribu tena bila kuuliza, utakatwa mara mbili.

Tatizo la kawaida zaidi liko upande wa kuweka. Ukibonyeza «weka» kwenye tovuti, dirisha la PIN hujitokeza kwenye simu, nalo halikai muda mrefu. Mtandao ukiwa mzito unaweka PIN, tovuti inasema imeshindikana, unabonyeza tena, na baada ya dakika tano SMS mbili zinaingia. Usibonyeze mara ya pili kabla ya kuangalia salio la M-Pesa. Kama pesa zimetoka na akaunti haijasoma, wanachohitaji wahudumu wa kampuni ni ule msimbo wa herufi kumi mwanzoni mwa SMS.

Msimbo huo una tarehe ndani yake. Herufi ya kwanza ni mwaka (T ni 2025, U ni 2026), ya pili ni mwezi kuanzia A kwa Januari, ya tatu ni siku: 1 hadi 9, kisha A kwa tarehe 10 na kuendelea. `TH4` ni 4 Agosti 2025. Anayekuletea «ushahidi» wa malipo ya jana wenye herufi za mwezi uliopita amehariri SMS.

Kumbukumbu usizichukue kwenye tovuti ya kubeti peke yake. Omba taarifa ya M-Pesa kwa barua pepe na uanzie hapo. Malipo yako yataonekana kama `Pay Bill`, na ada yake hukaa mstari wa pembeni wenye `Receipt No.` ileile, kwa hiyo usiihesabu kama malipo ya pili. Pesa zinazorudi huandikwa `Business Payment`. Ziweke hivi:

```
tarehe,msimbo,njia,simu,ada,akaunti
04/08/2025,TH47KX2M9Q,weka,-1000,-10,+950
17/08/2025,THH81PC5WD,toa,+1140,0,-1200
```

Akaunti ya kubeti itakuambia 950 ilikua ikawa 1,200, umepata 250. Jumlisha safu za simu na ada: umepata 130. Hiyo ya pili ndiyo yako, na kama sehemu ya ile elfu ilitoka Fuliza, toa pia asilimia 1 ya kuifungua na tozo lolote la kila siku ulilokatwa ukiwa na deni, maana kampuni ya kubeti haina habari nazo.