Maji ya kisima, mbolea na kichanga anayekunywa chupa

Kazi yangu ni kupima maji ya visima, na swali ninaloulizwa sana na kina mama wa huku Unguja ni hili, "mie nachemsha, afu natia na dawa ya klorini, sasa wasiwasi wa nini?" Wasiwasi ni naitreti, kemikali inayotokana na mbolea na vinyesi. Haina rangi, harufu wala ladha, klorini haiigusi, na kuchemsha ndo kunaizidisha kwa sababu maji yanapanda na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani.

Chukulia kisima pembeni mwa bustani ya mchicha inayotiwa urea na samadi kila baada ya wiki chache. Mchicha hauli yote, inayobaki inageuka naitreti na mvua za masika zinaishusha, na huku kwenye uwanda udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa, basi maji yanafika chini upesi hayajachujwa kitu. Choo cha shimo kikiwa karibu nacho kinachangia.

Tuseme kipimo kimesoma 18. Angalia kwanza kama kimeandika NO3-N, yaani naitrojeni yake peke yake, au NO3, yaani naitreti nzima, maana hapa wengi wanateleza: 18 ya NO3-N ukizidisha mara 4.43 unapata kama miligramu 80 za naitreti kwa lita, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Yachemshe mpaka lita moja ibaki robo tatu, unafika 107 hivi.

Mtoto wa kilo 4 anayekunywa maziwa ya kopo anamaliza kama mililita 600 kwa siku, yaani kwa yale maji ya 80, kabla ya kuchemsha, anapata miligramu 48, sawa na 12 kwa kila kilo yake. Baba yake wa kilo 60 akinywa lita mbili za kisima hichohicho hafiki hata 3 kwa kilo. Na tumbo la mtoto bado halina asidi ya kutosha, vijidudu vinaigeuza naitreti kuwa naitraiti, hiyo ikiingia kwenye damu inaharibu himoglobini isibebe oksijeni, na kimeng'enya cha kuirekebisha kichanga wa chini ya miezi sita anacho kidogo. Akiharisha hatari inazidi.

Utamjua kwa midomo na kucha kuwa za kijivu-buluu, amelegea, na huko spitali wakimpa oksijeni rangi hairudi, damu yake ina rangi ya chokoleti. Mkimbize, na umwambie daktari kwamba maziwa yake yanakorogwa kwa maji ya kisima, atajua kuwaza dawa ya methilini buluu.

Anayenyonya titi yuko salama hata mama akinywa maji hayo, maana kwenye maziwa yake inapita kidogo mno. Wa chupa mkorogee kwa maji yaliyopimwa au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, hayo sasa ndo uyachemshe.