Honda Fit ya CVT ikitetemeka wakati wa kuondoka: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Hapa Moshi Honda Fit za toleo la kwanza, zile zilizoanza kutoka Japani mwaka 2001, bado ni nyingi barabarani. Lalamiko lake ni lile lile: ukiachia breki na kugusa mafuta, gari linatetemeka mwili mzima mpaka lifike mwendo wa kama 20 kwa saa, kisha linatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mlimani kuelekea Kibosho ndiyo hali huzidi.

"Ikitetemeka hivyo, giaboksi imekufa."

Mara nyingi siyo. CVT ni otomatiki inayotumia mkanda unaozunguka kati ya puli mbili badala ya gia, na ya Fit hii haina toki konventa kama magari mengi ya otomatiki. Kazi ya kuondosha gari inafanywa na klachi ya kuondokea, sahani kadhaa zinazozama kwenye oili, iliyokaa baada ya puli ya pili. Oili ikichoka, sahani hazitelezi kwa ulaini tena: zinashika, zinaachia, zinashika. Huo ndio mtetemo. Ndiyo maana unaisha gari likishachanganya, kwa sababu hapo klachi imebana moja kwa moja. Mkanda ungekuwa ndio unaoteleza, tatizo lingeonekana hata ukiwa kwenye mwendo: ungekanyaga mafuta, injini ikapanda mizunguko na gari lisiongezeke, kisha likashtuka.

"ATF ni ATF, weka yoyote."

ATF ni oili ya otomatiki za kawaida, na kauli hii ndiyo inayoua CVT nyingi, nami naikemea kila ninapoisikia. Mkanda wa CVT ni wa chuma, vipande vidogo mamia vilivyopangwa kwenye pete nyembamba, na unabanwa kati ya kuta za puli za chuma. Kinachouzuia kuteleza ni mgandamizo pamoja na oili iliyotengenezwa ili chuma kishikane na chuma. ATF ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Fit hii inataka oili ya Honda iitwayo HMMF. Hata HCF-2, ambayo nayo ni ya Honda, ni ya CVT za baadaye; usiiweke.

Dada mmoja alileta Fit yake ikitetemeka, na kwenye buti kulikuwa na kopo la ATF alilowekewa gereji nyingine. Tulimwaga oili kwenye beseni safi na kupitisha sumaku. Ilitoka na uji laini wa kijivu, bila vipande vinavyometa. Uji huo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyometa vingetufanya tusimame hapo hapo. Ukimwaga unatoa lita 3 na kidogo tu, nyingine hubaki ndani, kwa hiyo tulirudia mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine gari lilitembezwa ili oili ichanganyike. Kiwango tulikipima injini ikiwa ya moto, imezimwa, ndani ya dakika moja na nusu.

Kisha tuliifunza kompyuta klachi upya, hatua ambayo wengi huiruka. Injini ikiwa moto, taa na eisii vimezimwa, unaweka D, unafika 60 kwa saa kwenye barabara tupu, unaachia mafuta na kuliacha gari lijipunguze zaidi ya sekunde tano bila kugusa breki. Mtetemo uliisha tambarare. Mlimani ulibaki kidogo, maana sahani zilishaungua juu juu. Hilo oili hailiponyi. Likizidi, inabadilishwa klachi, na mkanda hauguswi.

"Linalia, basi mkanda umeisha."

Mlio wa "uuuu" unaopanda na mwendo kwenye barabara ya Arusha mara nyingi ni beringi, na kwanza uliza beringi ya gurudumu. Mahali salama, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia: mlio ukibadilika, ni gurudumu, wala usifungue giaboksi. Ukisikika hata gari limesimama kwenye N na ukipandisha mizunguko, angalia kiwango cha oili na pampu. Ukibaki ule wa kwenye mwendo tu, ndipo unashuku beringi za puli.

"Mkanda ukiisha, nunua mwingine."

Hapa ndipo matengenezo yanapogonga ukuta. Mkanda ulioteleza huwa umeshachimba mikwaruzo kwenye kuta za puli, na kuta hizo zimesagwa kwa kipimo ambacho fundi wa mashine hatakirudisha kwa mashine ya kukereza. Mkanda mpya juu ya puli zile utateleza tena. Mimi nashauri giaboksi nzima iliyotumika, ya modeli ile ile. Kabla ya kulipa, chomoa kijiti cha oili na unuse: ikinuka kuungua, iache kwa muuzaji.