Ving'ora, mifuko ya pesa na sura za furaha: namna ya kuusoma ujumbe wa kitapeli kabla ya kuubonyeza

Kila unapokaribia msimu wa maonesho, sikukuu au malipo ya serikali, malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu hubadilika sura. Kwa kawaida tunaletewa zaidi meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Misimu hii zinaingia za WhatsApp, ndefu, za rangi rangi, zimejaa emoji. Wananchi wengi wanaokuja kulalamika hutuambia kitu kimoja: waliona kabisa kwamba ujumbe una kelele, lakini hawakuwa na muda wa kufikiri. Kumnyima mtu huo muda ndiyo kazi ya zile emoji.

Tuuchukue ujumbe mmoja tuusome taratibu. Huu nimeuandika mwenyewe kwa kufuata muundo wa zile tunazoletewa, na mwisho wa kiungo nimeweka neno lisilofunguka ili asitokee mtu wa kubonyeza:

🚨🚨 ONYO LA MWISHO ⚠️ Akaunti yako ya P💰ESA imechaguliwa kupokea Tsh 250,000 ya Sabasaba 🤑🤑 Zimebaki nafasi 17 tu ⏰ Mimi nimepata sasa hivi 😱😍 asante Mungu 🙏 Thibitisha kabla ya saa 6 usiku la sivyo akaunti ITAFUNGWA ❌ 👉 sabasaba.go.tz.zawadi-leo.example/thibitisha

Anza na king'ora. Simu inapopokea ujumbe, kwenye kioo huonekana mstari wa kwanza au wa pili tu, na taa nyekundu inayozunguka hukamata jicho kabla ya maneno. Ndiyo maana imewekwa mwanzoni. Lakini tazama kinachofuata: onyo la mwisho, kisha zawadi, kisha tena tishio la kufungiwa akaunti. Hakuna ofisi inayokuonya na kukuzawadia ndani ya ujumbe mmoja. Anayekufungia akaunti ana sababu ya kukufungia, na anayekupa zawadi hana haja ya kukutisha. Vitu hivyo viwili vikikutana, aliyeandika anataka uogope na utamani kwa pamoja.

Sasa ule mfuko wa pesa uliokaa katikati ya neno PESA. Watu hudhani ni pambo. Mitambo ya kuchuja meseji hutafuta maneno na mifuatano ya herufi ambayo matapeli huyatumia sana. Ukilikata neno kwa alama, jicho la binadamu linaliunganisha lenyewe, ila mtambo rahisi unaona vipande viwili visivyo na maana. Njia hiyo hiyo hutumika kwa kuweka sifuri mahali pa herufi O, au @ mahali pa a. Neno la fedha lililovunjwa namna hii ni dalili nzito kuliko king'ora, kwa sababu mfanyabiashara wa kweli hana haja ya kulificha neno analotaka ulisome. Kwenye WhatsApp, isitoshe, mtandao wako wa simu hauwezi kuusoma ujumbe hata ukitaka, maana umefungwa kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Kwa hiyo anayesema "mbona mitandao haiwazuii" ajue kwamba huko mchujaji wa mwisho ni yeye mwenyewe.

Halafu sauti inabadilika. Mwanzo wa ujumbe ni ofisi inayozungumza: akaunti yako imechaguliwa. Katikati ghafla anatokea jirani: mimi nimepata sasa hivi, na sura ya mshangao, na macho ya mapenzi, na mikono ya kushukuru. Huyo shahidi hayupo. Maneno yake yaliandikwa pamoja na mengine yote, lakini kwa kuwa ujumbe umekufikia kutoka kwa shangazi yako au katibu wa kikoba, unasoma "mimi" ukidhani ni shangazi. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mpigie aliyekutumia umuulize swali moja: wewe mwenyewe umeipokea hiyo hela? Utasikia kwamba naye aliletewa na mwingine. WhatsApp yenyewe inakusaidia pia, kwani juu ya ujumbe uliopita kwa watu watano au zaidi tangu kwa mtumaji wa kwanza huwekwa mishale miwili. Ofisi inayokuandikia wewe binafsi kuhusu akaunti yako haiwezi kukufikia na mishale miwili.

Mwisho ni kiungo, na watu wengi wakiona go.tz wanaridhika. Msiridhike. Anuani ya tovuti husomwa kutoka kulia: nenda hadi mkwaju wa kwanza, yaani alama ya /, ukiiruka ile miwili ya https:// kama ipo, kisha rudi nyuma kidogo. Kinachokaa karibu na huo mkwaju ndicho mwenye nyumba. Kwenye mfano wetu mwenye nyumba ni zawadi-leo.example. Hayo maneno sabasaba.go.tz yaliyotangulia ni kibao ambacho mtu yeyote anaweza kukiandika mlangoni mwake. Tovuti ya taasisi ya serikali ya Tanzania inaishia na go.tz yenyewe, ndipo unafuata mkwaju.

Ukibonyeza kinatokea nini? Kwanza niondoe dhana ambayo tumeshaijibu mara nyingi mno: kuusoma ujumbe tu hakuondoi hela kwenye simu. Hela inaondoka kwa namba yako ya siri, na tapeli hana namba hiyo mpaka umpe. Kwa kawaida ukurasa hukuonesha maboksi ya zawadi, unagusa moja, linafunguka kwa mvua ya sura za kucheka na noti. Unaambiwa usambaze kwa watu kadhaa au magrupu kadhaa hadi mstari wa kijani ujae. Hatua hiyo ndiyo inayomtajirisha tapeli, kwa sababu sasa ujumbe unasafiri kwa jina lako. Baada ya hapo huja moja kati ya mambo matatu: utaombwa "ada ndogo ya kuchakata", au namba yako ya siri ya huduma ya fedha, au namba sita zilizoingia kwenye simu yako kwa SMS.

Hizo namba sita zinahitaji maelezo, maana wengi huzitoa wakidhani hazina thamani. WhatsApp huzituma pale mtu anapoisajili namba yako kwenye simu nyingine. Ukizitoa, akaunti inahamia kwa tapeli, na dakika chache baadaye ndugu na marafiki zako wanaombwa hela kwa jina lako. Likikupata, isajili WhatsApp upya kwa namba yako na uweke namba sita mpya zitakazoingia. Tapeli atatolewa papo hapo. Kama alishaweka kufuli lake la pili usilolijua, utasubiri siku 7 kabla ya kuingia, ila yeye atakuwa ameshatoka. Kufuli hilo uliweke mwenyewe mapema, kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya uthibitisho wa hatua mbili.

Nizungumzie pia kinyume chake, kwa sababu mtu anaweza kubeba fundisho hili vibaya. Duka la nguo au mama lishe akikutumia tangazo lenye vijisura, hajawa tapeli. Na meseji isiyo na emoji hata moja inaweza kuwa ya wizi. Ile ya "hela itume kwenye namba hii" ni kavu kabisa na inaliza watu kila siku. Kwenye SMS kuna sababu ya kiufundi. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiingiza emoji moja tu meseji nzima hubadilishiwa mfumo wa uandishi na nafasi inashuka hadi 70, na emoji nyingi hula nafasi mbili mbili. Inayozidi hapo hukatwa vipande na kulipiwa kwa vipande. Kwa hiyo taarifa ya muamala inayokuja kwa SMS ni maandishi matupu, yenye namba ya muamala na salio, na inatoka kwa jina la huduma. Ukiletewa "umepokea Tsh 250,000 🤑" kutoka namba ya mtu binafsi, usibishane nayo. Fungua menyu ya huduma yako utazame salio. Salio likiwa lile lile, hakuna kilichoingia.

Sasa taratibu. Ukipokea ujumbe wa namna hii, usiufute. Piga picha ya kioo ikionesha namba iliyotuma, kisha utume ujumbe huo pamoja na namba hiyo kwenda 15040, ambayo ni namba ya kupokea taarifa za utapeli wa simu nchini. Usiusambaze kwenye grupu "kwa tahadhari", kwani kiungo kinabaki hai na wapo watakaokibonyeza. Piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua ikatolewe kwa mtoa huduma husika. Atakayekupigia akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja wa mtandao wako, namba itakayoonekana ni 100. Ikionekana nyingine, kata.

Kama hela imeshaondoka, piga 100 wakati huo huo, kabla hata ya kumweleza jirani. Mtoa huduma anaweza kuizuia hela iliyobaki kwenye akaunti ya mpokeaji, lakini iliyokwisha kutolewa kwa wakala hawezi kuirudisha kwa simu. Kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada na upewe RB. Wapo wanaokuja kwetu wakisema laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, basi tapeli akamatwe leo. Mara nyingi laini iliyotumika imesajiliwa kwa vidole vya mtu aliyedanganywa mtaani, na kumpata mtumiaji halisi ni uchunguzi wa polisi unaohitaji jalada. Bila RB hatuna pa kuanzia.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iko wazi. Udanganyifu unaohusisha kompyuta, chini ya kifungu cha 12, una faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kifungu cha 20 kinahusu ujumbe usioombwa unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kinamgusa pia anayeusambaza tena, lakini ni lazima awe na nia hiyo. Shangazi aliyeamini na kukutumia hakosi kwa kifungu hiki, kwa hiyo asiogope kufika kituoni kutoa maelezo.

Unapokwenda polisi chukua picha za kioo, namba ya muamala, saa hela ilipotoka, na simu yenyewe ikiwa na ujumbe bado ndani. Ukishaufuta, picha peke yake itaulizwa maswali mengi mahakamani.